Uwiano, Ukanda na Kujaliza

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mwanga. Tuna mwanga, mwangaza, nuru, miale, mng'aro na utusitusi. Tunachokosa ni makubaliano ya neno lipi libebe kazi ipi, na kasoro hiyo huonekana waziwazi kwenye michoro ya majengo ya shule. Mhandisi huandika kwa Kiingereza. Fundi umeme husoma kwa lugha ya kazini, ambamo kila kitu ni "laini" na "swichi". Mwalimu, ambaye ndiye atakayewasha na kuzima taa kwa miaka 30 ijayo, haulizwi wala haonyeshwi mchoro.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili si la nadharia. Madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini mwaka 2021 na 2022 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 yaliifikia mikoa yote, kisha ikaja miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi. Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, umejaa watu waliofuata dhahabu, na watoto wao wanahitaji vyumba vya kusomea. Kwa hiyo nitachukua chumba kimoja cha kawaida, cha mita 9 kwa 7, nikipitishe kwenye maneno matatu: uwiano, ukanda na kujaliza. Nadhani maneno hayo yakikaa mahali pake, nusu ya usanifu wa taa za darasa itakuwa imekwisha kufanyika.

Tuanze na uwiano. Wataalamu wa majengo wana kipimo kinachosema darasa linapata sehemu gani ya mwanga ulioko nje. Unapima mwangaza juu ya dawati, unapima mwangaza uwanjani palipo wazi kwa wakati uleule, unagawanya cha ndani kwa cha nje, halafu unazidisha kwa 100. Ikiwa nje ni luksi 10,000 na dawatini ni luksi 200, jibu ni asilimia 2. Wanaotafsiri kutoka Kiingereza hukiita "kigezo" au "kipengele" cha mwanga wa mchana. Kigezo ni kitu cha kulinganishia, kipengele ni sehemu ya kitu, na hiki si kimojawapo. Ni uwiano. Ukisema "uwiano wa mwanga wa mchana", mwanafunzi wa darasa la sita tayari anajua kwamba kuna namba mbili na moja inagawanywa kwa nyingine.

Kwa nini uwiano, wala si luksi zenyewe? Kwa sababu luksi hazitulii. Wingu likipita zinashuka, likiondoka zinapanda, na jioni ni nyingine kabisa. Lakini chumba hakibadiliki: dirisha lina upana uleule, ukuta una rangi ileile. Anga likififia kwa nusu, na dawati nalo linapoteza nusu, uwiano unabaki palepale. Kwa hiyo uwiano ni tabia ya chumba, na luksi ni hali ya saa hiyo.

Hapo lakini kuna sharti ambalo neno "mchana" linalificha. Uwiano huu hupimwa anga likiwa limefunikwa kabisa na mawingu, jua halionekani. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilikubali mwaka 1955 mfano wa anga la aina hiyo, uliotokana na kazi ya Moon na Spencer ya mwaka 1942: anga ambalo utosini linang'aa mara tatu kuliko kwenye upeo wa macho. Kinachopimwa, basi, ni mwanga wa anga, si mwanga wa jua. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni rahisi kuisema, na inafaa isemwe kila mara, kwa maana anayechukua mita ya mwanga hadi Kahama mwezi Julai, jua likiwaka, akapima nje luksi 90,000 na ndani 600, atapata uwiano wa chini ya asilimia 1 na kutangaza kwamba darasa ni bovu. Darasa halina kosa. Amegawanya mwanga wa anga uliomo ndani kwa mwanga wa jua ulioko nje. Siku ya kupima ni siku ya mvua za Novemba au Machi, wingu limetanda sawasawa, watu wawili wenye mita mbili wakisoma kwa dakika moja, mmoja uwanjani na mwingine dawatini.

Mwanga unaofika dawatini siku kama hiyo huja kwa njia tatu: moja kwa moja kutoka angani, kwa kugonga vitu vya nje na kurudi, na kwa kuruka kutoka kuta na dari za ndani. Ya kwanza ndiyo kubwa. Mchimbaji mdogo wa Geita anaielewa bila hesabu: kadiri anavyoshuka kwenye duara, ndivyo kipande cha anga kilicho juu yake kinavyokuwa kidogo, na mwanga wake ni kile kipande. Mtoto dawatini naye ana kipande chake. Mketishe kila mtoto mahali pake, umwulize kama anaona anga kupitia dirishani bila kuinuka. Wanaosema hapana wamekaa ng'ambo ya mpaka wa anga, na wale ndio watakaohitaji taa hata saa sita mchana wakati wa masika.

Sasa tulihesabu darasa letu. Kimo chake ni mita 3. Upande wa kusini kuna madirisha matatu yenye jumla ya kioo cha mita za mraba 8.1. Upande wa kaskazini kuna varanda, mlango na madirisha mawili yenye mita za mraba 5.4. Madirisha yote yanaanza mita 1 kutoka sakafuni na kuishia mita 2.5. Kwa hesabu ya wastani wataalamu hutumia kanuni hii:

```
D = (T × M × θ × Ak) / (A × (1 − R²))
```

D ni uwiano wenyewe kwa asilimia. T ni sehemu ya mwanga inayopita kwenye kioo safi, M ni punguzo la vumbi na nondo, θ ni pembe ya anga linaloonekana kutoka katikati ya dirisha, Ak ni eneo la kioo, A ni jumla ya nyuso zote za chumba, na R ni wastani wa uwezo wa nyuso hizo kurudisha mwanga. Nyuso zote za chumba chetu, yaani sakafu, dari na kuta, ni mita za mraba 222. Dari ikiwa nyeupe na kuta zikiwa na rangi ya krimu, R ni kama 0.45, kwa hiyo kilichomo kwenye mabano ya chini ni karibu 0.8. Kioo cheupe hupitisha 0.85. Kwa vumbi la barabara za machimbo na nondo za dirishani nitaweka M ya 0.7.

Upande wa kusini paa limetokeza sentimita 60 tu, na mbele ni uwanja. Pembe ya anga ni kama nyuzi 60. Jibu ni asilimia 1.6. Upande wa kaskazini varanda ya mita 2 inakula anga kutoka juu, na jengo la pili lililo ng'ambo ya uwanja linakula kutoka chini. Kinachobaki ni nyuzi kama 10. Jibu ni asilimia 0.2. Jumla ni 1.8.

Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa makini. Madirisha ya varandani ni theluthi mbili ya yale ya kusini kwa ukubwa, lakini yanaleta karibu sehemu moja ya nane tu ya mwanga unaoletwa na hayo ya kusini. Anayehesabu madirisha bila kuhesabu anga atasema darasa lina mwanga wa pande mbili. Katika siku ya mawingu, darasa hilo lina mwanga wa upande mmoja.

Kisha kuna kioo. Mafundi wa aluminiamu wengi huweka vioo vya rangi, kwa sababu vinapendeza na vinapunguza joto. Vingine hupitisha chini ya nusu ya mwanga. Badilisha T kutoka 0.85 hadi 0.45, usiguse kingine chochote, na uwiano wa darasa letu unashuka kutoka 1.8 hadi chini kidogo ya 1. Ni sawa na kuziba karibu nusu ya madirisha kwa matofali. Uamuzi huo hufanywa dukani siku ya kununua vioo, na hauonekani kwenye mchoro wowote.

Je, 1.8 inatosha? Kanuni za shule za Uingereza za mwaka 1945 zilidai angalau asilimia 2, lakini hilo lilikuwa anga la Uingereza. Anga la mawingu karibu na ikweta hung'aa zaidi. Tukichukua luksi 15,000 nje, 1.8 inatupa wastani wa luksi 270, wakati kiwango kinachotumiwa sana kwa madarasa ni 300. Si haba. Tatizo ni kwamba mtoto hakai kwenye wastani, anakaa dawatini.

Na kabla hatujatoka kwenye uwiano, tuseme mpaka wake. Huku kwetu siku nyingi za kiangazi ni za jua kali, na siku hizo mwanga mkubwa hauingii kutoka angani. Unapiga ardhi, unaruka chini ya paa la varanda, unagonga dari ya darasa na kushuka madawatini. Uwanja wenye mchanga mweupe na dari ya varanda iliyopakwa chokaa huliangaza lile eneo ambalo madirisha yake yamepewa 0.2 tu. Hesabu ya mawingu haioni hilo. Haioni pia jua lenyewe. Shinyanga iko nyuzi kama 3.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, nyuzi 63 juu ya upeo, na la Desemba upande wa kusini, nyuzi 70. Jua la kimo hicho huzuiwa kirahisi: ule mtokezo wa sentimita 60 hufunika karibu dirisha zima saa sita ya Desemba. Ukiligeuza jengo madirisha yatazame mashariki na magharibi, hakuna paa litakalokusaidia. Jua la saa mbili asubuhi litapiga ubao, walimu watabandika magazeti kwenye vioo, na uwiano uliohesabiwa ofisini utakuwa umekwisha kazi.

Neno la pili ni ukanda. Waandishi wengi wa michoro hugawa taa kwa "maeneo", na wengine kwa "zoni". Kiswahili kina neno bora zaidi, na wakazi wa Kanda ya Ziwa wanalitamka kila siku. Ukanda ni kitu kirefu na chembamba: mshipi, utepe, kipande cha nchi kinachofuata mwambao. Eneo laweza kuwa na umbo lolote; ukanda una mwelekeo. Na mwanga wa dirishani hupungua kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka dirishani kwenda ndani. Kwa hiyo darasa lina kanda zinazokwenda sambamba na dirisha, na upana wake hupimwa kwa kimo cha kichwa cha dirisha. Dirisha letu linaishia mita 2.5. Ukanda wa kwanza, wenye mwanga wa kutosha, ni mita 2.5 za mwanzo. Ukanda wa pili ni mita 2.5 zinazofuata. Zinazobaki, mita 2 za upande wa varanda, ni ukanda wa tatu.

Sasa tazama jinsi fundi anavyovuta nyaya. Mlango uko karibu na ubao, swichi iko mlangoni, na njia fupi ya paipu ni kuungana na taa za mbele kwanza, kisha za nyuma. Hivyo swichi moja huwasha nusu ya mbele ya darasa na nyingine nusu ya nyuma. Kila nusu ina kipande cha ukanda wenye mwanga na kipande cha ukanda wenye giza. Mtoto wa varandani asipoona daftari, mwalimu huwasha swichi, na taa za dirishani zinawaka bure. Hapo hakuna kilichoharibika na nyaya ni salama. Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye mchoro: taa ziungwe kwa safu zinazofuata dirisha, safu moja kwa kila ukanda, na taa za ubao ziwe na swichi yao. Wakati wa ujenzi, paipu zikiwa bado hazijafunikwa kwa lipu, sentensi hiyo inagharimu mita chache za waya. Baada ya lipu inagharimu kubomoa.

Kuna jaribio la kujua kama imetekelezwa. Simama darasani wakati wa mchana, bonyeza swichi moja baada ya nyingine. Zikizimika taa za dirishani peke yake kutoka ukuta hadi ukuta, fundi ameelewa. Zikizimika za mbele au za nyuma, ameufuata mlango.

Neno la tatu ndilo gumu. Mafundi wanasema "dima", na wanaotafsiri wanasema "kufifiza". Nguo hufifia rangi, kumbukumbu hufifia, taa ya mafuta hufifia mafuta yakiisha. Katika kila mfano kuna upungufu. Kwa taa ya ukumbi wa harusi, inayopunguzwa ili maharusi wacheze, kufifiza kunafaa kabisa. Lakini taa ya darasa inayofuata mchana haipunguzwi kwa ajili ya kupunguzwa. Inapewa lengo, luksi 300, inatazama anga limeleta ngapi, kisha inaongeza zilizopungua. Kazi hiyo tunaiita kujaliza. Anayejaliza hujaza kilichopungua, wala hamwagi. Nikimwambia fundi "taa hizi zinafifia", atatafuta kifundo cha kuzungusha. Nikimwambia "taa hizi zinajaliza", ataniuliza: zinajaliza hadi wapi? Na hilo ndilo swali.

Tuendelee na darasa letu. Tuchukulie siku ya luksi 15,000 nje, na madawati ya kanda tatu yakipata luksi 490, 200 na 90. Wastani wake unakaribia ile 270 ya hesabu. Taa ni tisa za LED, wati 40 kila moja, zimepangwa safu tatu, na usiku zote zikiwaka hutoa luksi 300. Safu ya kwanza haina cha kujaliza. Ya pili inapungukiwa luksi 100, kwa hiyo inawaka kwa theluthi moja. Ya tatu inapungukiwa 210, inawaka kwa asilimia 70. Zote pamoja zinakula karibu wati 125 badala ya 360.

Lakini weka kihisi kimoja kiongoze taa zote tisa. Kikining'inia karibu na dirisha, kinaona luksi 490, kinazima kila kitu, na watoto wa varandani wanabaki na 90 zao. Kikikaa katikati, zote zinawaka kwa theluthi, na varandani inafika 190. Kikikaa varandani, zote zinawaka kwa asilimia 70, na dirishani panakuwa na luksi 700 ambazo hakuna aliyeziomba. Hakuna mahali pazuri pa kukiweka, kwa sababu kosa liko kwenye kanda. Kujaliza bila ukanda hakuwezekani, na ukanda bila uwiano ni kukisia. Maneno haya matatu yana mpangilio wake, na mpangilio huo ndio mpangilio wa kazi.

Kihisi nacho kina tabia zake. Hakipimi dawati, kinatazama chini kutoka darini na kupima mwanga unaorudi. Darasa tupu lenye sakafu ya saruji hurudisha kidogo, darasa lenye mashati meupe na daftari zilizofunguliwa hurudisha zaidi, na kihisi hudhani mchana umeongezeka. Ndiyo maana hurekebishwa watoto wakiwa wamekaa. Hurekebishwa mara mbili, usiku kwa taa peke yake na mchana taa zikiwa pamoja na anga, kisha matokeo yanahakikishwa kwa mita juu ya dawati. Kasi yake iwe ya pole: wingu likipita, taa ichukue sekunde nyingi kupanda, mtoto asiinue kichwa. Na taa yenyewe lazima iwe ya aina inayokubali kujaliza. Ukiunganisha dima ya bei nafuu na taa ya LED isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, itachezacheza, itavuma, au itazimika ghafla ikifika chini. Dalili ni rahisi kuipata: elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyopunguzwa, na ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, yawezekana taa inapepesa kwa namna ambayo macho hayaioni.

Je, kila shule ya Shinyanga na Geita iwekewe taa za kujaliza? Hesabu inajibu hapana. Swichi ya mkono yenye safu tatu, ikizima safu ya dirishani tu, inashusha 360 hadi 240. Kihisi kinazifikisha 125. Tofauti ni wati 115 kwa darasa, na ni kwa saa zile tu ambazo taa zingewaka mchana. Shule nyingi za kutwa haziwashi taa mchana kabisa, na huwezi kuokoa umeme usioutumia. Kujaliza kunastahili gharama yake katika maktaba, maabara na chumba cha kompyuta, ambamo taa huwaka kutwa nzima, na katika shule zenye umeme wa jua, ambako kila wati iliyookolewa mchana hubaki kwenye betri kwa ajili ya masomo ya jioni.

Kwa darasa la kawaida, fedha ziende kwanza kwenye kioo cheupe, dari nyeupe na chokaa ya varandani. Pili ziende kwenye nyaya za safu tatu. Kihisi kije cha mwisho, kama kitakuja. Na wewe unayeandaa mchoro wa shule inayofuata, andika kwa Kiswahili, mahali ambapo fundi na mwalimu watapaona: "Safu za taa zifuate dirisha."